Hisa kwa simu: Kwa nini bei uliyoiona siyo bei uliyolipa?

Kununua hisa sasa hakuhitaji safari ya mjini. Tanzania, Soko la Hisa la Dar es Salaam lina mfumo wa Hisa Kiganjani, ambao mtu huutumia kununua na kuuza kupitia simu yake. Kenya nako, tangu mwaka 2025 Soko la Hisa la Nairobi linaruhusu mtu kununua hata hisa moja, badala ya kuanzia hisa 100 kama ilivyokuwa zamani.

Mlango umekuwa mpana, na wengi wanaoingia kwa mara ya kwanza wanakutana na jambo la kuwashangaza. Mtu anaona bei ya hisa ni shilingi 500, anaagiza hisa 1,000, kisha anakuta amelipa zaidi ya shilingi 500,000 hata kabla ya ada ya dalali. Je, ameibiwa? Mara nyingi hapana. Jibu liko katika aina ya agizo alilochagua.

Bei ya kwenye simu ni ya nani?

Bei unayoiona kwanza mara nyingi ni bei ya biashara ya mwisho iliyofanyika. Huenda ilifanyika saa mbili zilizopita, tena kwa hisa 20 tu. Haikuahidi kwamba mtu mwingine yupo tayari kukuuzia hisa 1,000 kwa bei hiyohiyo.

Ndani ya soko kuna foleni mbili. Moja ni ya wanaotaka kuuza, kila mmoja na bei yake na idadi ya hisa zake. Nyingine ni ya wanaotaka kununua. Anayeuza kwa bei ya chini zaidi yuko mbele katika foleni yake, na anayenunua kwa bei ya juu zaidi yuko mbele katika foleni yake. Wakilingana bei, aliyetangulia kufika ndiye anayehudumiwa kwanza.

Agizo la bei ya soko

Hili kwenye simu nyingi huandikwa Market. Maana yake unamwambia dalali: ninunulie sasa hivi kwa bei yoyote iliyopo. Tuchukue mfano wa hisa ambayo foleni ya wauzaji wake iko hivi:

- Wa kwanza ana hisa 200 kwa shilingi 500
- Wa pili ana hisa 300 kwa shilingi 510
- Wa tatu ana hisa 500 kwa shilingi 540

Wewe unaagiza hisa 1,000 kwa bei ya soko. Mfumo unachukua zile 200 za kwanza kwa shilingi 100,000. Hazitoshi, unahamia kwa wa pili na kuchukua 300 kwa shilingi 153,000. Bado hazijatosha, unamaliza kwa wa tatu, hisa 500 kwa shilingi 270,000. Jumla ni shilingi 523,000, yaani kila hisa imekugharimu wastani wa shilingi 523.

Ni sawa na kwenda mnadani ukitaka magunia kumi ya mahindi leo hii, lazima. Mwenye bei nafuu ana mawili tu. Mengine utayapata, lakini kwa bei za wenzake.

Agizo la bei ya kikomo

Hili huandikwa Limit. Hapa unaandika bei ya mwisho unayoikubali. Tuseme umeandika shilingi 510. Mfumo utakupa hisa 200 kwa shilingi 500 na hisa 300 kwa shilingi 510, kisha utasimama. Umepata hisa 500 kwa shilingi 253,000, na zile 500 zilizobaki zinasubiri katika foleni ya wanunuzi.

Tazama hapo: zile 200 za mwanzo umezipata kwa 500, siyo 510. Wapo wanaodhani kwamba ukiandika kikomo utalipa bei hiyo hata kama kuna nafuu. Sivyo. Kikomo ni dari. Unaweza kulipa chini yake, lakini huwezi kulipa juu yake.

Gharama ya agizo hili ni kusubiri. Huenda kesho akaja muuzaji wa shilingi 510 ukamaliziwa hisa zako. Huenda pia bei ikapanda hadi 560 na asitokee mtu wa kukuuzia. Tena agizo lina muda wake, siku moja au hadi tarehe uliyochagua. Muda ukiisha bila mtu kukubali bei yako, agizo hufutika. Wengi hudhani wamenunua kumbe hawakupata kitu, kwa hiyo angalia hali ya agizo lako kabla ya kuhesabu hisa hizo kuwa zako.

Wakati wa kuuza

Anayeuza ndiye mara nyingi huumia zaidi, kwa sababu ana haraka ya fedha. Chukua mtu mwenye hisa 1,000 na ada ya shule inamsubiri. Anaona bei ya 500 na kupiga hesabu ya shilingi 500,000. Lakini wanunuzi waliopo ni hisa 300 kwa 490, hisa 200 kwa 480 na hisa 500 kwa 450. Akiuza kwa bei ya soko atapata shilingi 468,000. Zimepungua shilingi 32,000 kwa kubonyeza mara moja.

Angeweka kikomo cha 480, angeuza hisa 500 siku hiyo na kupata shilingi 243,000, na nyingine zingesubiri. Kwa muuzaji, kikomo ni sakafu: hauzi chini yake.

Hatari hii haiko kwetu tu. Tarehe 6 Mei 2010, masoko ya Marekani yaliporomoka ghafla kwa dakika chache, na wanunuzi wengi wakajiondoa. Hisa za kampuni ya Accenture, zilizokuwa karibu dola 40, ziliuzwa kwa senti moja, kwa sababu maagizo ya kuuza kwa bei ya soko yalikubali bei yoyote iliyobaki kwenye foleni. Miamala ya namna hiyo ilifutwa baadaye. Nairobi, kwa kawaida bei hairuhusiwi kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, lakini hata asilimia sita au saba ni fedha nyingi kwa mwenye akiba ndogo.

Uchague lipi?

Angalia mambo mawili kabla ya kubonyeza. Kwanza, pengo kati ya mnunuzi wa mbele na muuzaji wa mbele. Pili, idadi ya hisa walizonazo. Kama pengo ni la shilingi moja au mbili, foleni ina maelfu ya hisa, na wewe unataka 50 tu, agizo la bei ya soko halitakuumiza. Hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi kwa hisa chache zinazouzwa sana kila siku.

Kama pengo ni kubwa au foleni ni fupi, weka kikomo. Hisa nyingi katika masoko yetu ziko hivyo, na zipo zinazopitisha siku nzima bila kuuzwa.

Na kama una haraka, bado kikomo kinakufaa. Kiweke juu kidogo ya bei ya muuzaji wa mbele, au chini kidogo ya mnunuzi wa mbele ikiwa unauza. Katika mfano wetu wa kununua, kikomo cha 510 kilikupa hisa 500 papo hapo, na kikakuachia wewe uamuzi wa kumfuata au kutomfuata muuzaji wa 540.