Urefu wa Tendo Si Kipimo

Yapo mazoea ya kufundisha kwamba katika Kiitaliano tendo refu huchukua imperfeto, na tendo fupi pasato prosimo. Kanuni hiyo yapotosha. Katika "Ho dormito dieci ore", yaani nililala kwa muda wa saa kumi, usingizi ni mrefu, lakini umetajwa kama jambo lililokwisha; basi ni pasato prosimo. Katika "Dormivo quando Marco ha bussato", yaani nilikuwa nimelala Marko alipobisha hodi, usingizi ni hali tu. Hodi ndiyo inayosukuma hadithi mbele. Kwa maoni yangu, mwanafunzi na ajiulize: kitenzi hiki chajibu "Ikawaje?" au "Hali ilikuwaje?" Swali la kwanza lataka pasato prosimo, la pili, imperfeto.