Maamkizi Si Shukrani

Msomaji, iko desturi moja katika mitaa ya mashariki ya Nairobi ambayo kila mtu huilalamikia na hapana anayeiondoa. Linapofunguliwa darasa, zahanati au kisima huko Dandora, Kayole au Umoja, kila msemaji hushika kipaza sauti akaanza upya kuwataja wageni wote pamoja na vyeo vyao. Watu husema kwamba hiyo ndiyo heshima. Mimi nasema kwamba hiyo ni heshima iliyomwagwa chini. Nitakuonyesha sababu, kisha njia iliyo bora, kwa kuwa wewe uliye shuleni leo ndiwe utakayepewa karatasi ya shukrani kesho.

Tufanye hesabu kwanza. Tuseme wageni wa kutajwa ni 10, na kila jina na cheo chake huchukua sekunde 6. Hiyo ni dakika 1. Wasemaji wakiwa 9, zimekwisha dakika 9 za majina matupu, na hapo nimemhesabu msemaji mwepesi asiyetia sifa ndani ya majina. Wakubwa wameketi hemani penye kivuli, lakini watu wamesimama juani. Orodha ya kwanza hupigiwa makofi. Ya pili hupigiwa na wachache. Ya tatu haisikilizwi. Dalili zake ni wazi kwa mwenye macho. Watoto walioketishwa mbele huanza kuchora mchangani kwa vidole. Kisha mazungumzo huzuka nyuma. Mwisho vijana wa pembeni hujitenga mmoja mmoja kuelekea barabarani. Kwa desturi yetu wadogo husema kwanza na mgeni wa heshima husema mwisho. Basi yule aliyeamkiwa mara 9 ndiye anayeachiwa umati uliochoka. Je, ameheshimiwa huyo au amedhulumiwa?

Wako waliobuni dawa ya maneno mawili: “Itifaki imezingatiwa.” Maneno haya yana mahali pake. Mtu mmoja akiisha kuwaamkia wageni wote kwa taratibu, anayemfuata anaweza kuyasema, kwani ni kweli. Lakini msemaji wa kwanza akiyasema, ni itifaki gani iliyozingatiwa, na nani aliyeizingatia? Tena aghalabu huyasema kisha akaendelea kuwataja watu wanane “kwa umuhimu wao.” Dawa ya namna hiyo ni ugonjwa wa pili.

Kiini cha kosa ni kuchanganya mambo mawili yasiyo ndugu. Maamkizi hufuata cheo. Shukrani hufuata tendo. Mwenye kuyatenganisha haya atamridhisha mkubwa na atausikizisha umati. Mwenye kuyachanganya atawakosa wote wawili.

Tuanze na maamkizi. Hayo hushuka toka juu: mgeni wa heshima kwanza, kisha wanaomfuata kwa daraja, na mwisho wenyeji wote kwa neno moja la upole. Yafanywe mara moja, na mtu mmoja, yaani mfawidhi aongozaye sherehe. Kila atakayemfuata ataje mgeni wa heshima na wananchi, basi. Ugumu uko katika kupanga madaraja. Tangu uchaguzi wa 2013, chini ya katiba ya 2010, wapo jukwaani watu wa serikali mbili: gavana na mwakilishi wadi kwa upande wa kaunti, kamishna, naibu wake na chifu kwa upande wa serikali ya taifa, na mbunge ana kiti chake pia. Usikate shauri hilo kwa kubahatisha. Ofisi zao ziulizwe wiki moja kabla, na orodha iandikwe. Asubuhi ya siku yenyewe isahihishwe, maana mkubwa huweza kumtuma mtu badala yake. Aliyetumwa hutajwa kwa jina lake, na jina la aliyemtuma. Akichelewa mtu, asimkatize anayesema. Mfawidhi atamwamkia msemaji atakapoketi.

Sasa tuje kwenye shukrani, ambapo dhuluma ni kubwa zaidi. Tazama Dandora yenyewe. Mradi wake wa viwanja, ulioanza 1975, ulishikwa na Benki ya Dunia, serikali ya Kenya na Baraza la Jiji. Viwanja vilikuwa kama 6,000. Lakini fedha za Benki zilikuwa mkopo, na mkopo hulipwa. Mwenye kiwanja alipata choo, bafu na maji, kisha alitakiwa kujijengea vyumba na kulipa kila mwezi. Kama ungaliandika shukrani za kazi ile kwa kufuata vyeo, ungalianza na Benki ukaishia kwa maofisa. Na yule aliyebeba mawe na kulipa deni asingaliambiwa hata ahsante. Vivyo hivyo fedha ya kodi ikijenga darasa, anayetia sahihi hakutoa mali yake. Ashukuriwe kwa usimamizi, asishukuriwe kwa zawadi.

Kwa hiyo napendekeza shukrani zifuate njia ambayo kazi yenyewe ilipitia: ardhi, fedha, mikono, uangalizi. Chukua mfano wa madarasa mawili yaliyojengwa Kayole kwa msaada wa shirika la ng’ambo na michango ya wazazi. Mshukuruji asimame kabla ya mgeni wa heshima, aseme hivi:

“Kiwanja hiki kingalinyakuliwa lau kamati ya wazazi isingalikaa macho, wanakamati, simameni. Kuta na paa mnazoziona zimelipiwa na wafadhili wetu. Mjumbe wao, simama. Milango na madirisha ni michango yenu ninyi wazazi, ya shilingi mia na mia mbili. Mafundi ni wa mtaa huu, nao wasimame. Ofisi ya elimu ilikagua kazi tangu msingi hadi bati, ofisa, simama. Sasa tuwapigie wote makofi mara moja.”

Hayo yamechukua muda usiofika dakika 2. Angalia yaliyotendeka. Kila mtu ametajwa pamoja na kitu ambacho umati unaweza kukitazama. Jirani amesimama karibu na mfadhili, na umati husikiliza kila utajapo jirani yake. Makofi yamewekwa mwisho, hayakukatwa vipande. Wala hapana awezaye kunung’unika kwamba ametajwa wa tatu, kwa sababu milango haiwezi kutangulia kuta.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mkubwa asiposifiwa na kila kinywa ataudhika, na mwaka ujao hataleta kitu. Najibu kwamba cheo chake kimekwisha lindwa na maamkizi, kwa daraja sahihi na jina lisilokosewa. Mkubwa huudhiwa na cheo kilichopunguzwa na jina lililoharibiwa, na makosa haya huzidi kila orodha inaporudiwa. Orodha ikisomwa mara moja inaweza kukosewa mara moja. Ikisomwa mara 9, kila kinywa kina nafasi ya kumsahau mtu wake. Kuhusu mfadhili, yeye ataandika habari ya siku hiyo kwa waliomtuma. Ni lipi lililo bora aandike: kwamba alitajwa mara 9 na watu waliokuwa wakiondoka, au kwamba alisimama mara moja mbele ya mtaa mzima uliokuwa ukimtazama?

Basi, msomaji, utakapopewa karatasi ile, usiulize ni nani aliye mkubwa kuliko wenzake. Hilo limekwisha jibiwa na mfawidhi. Uliza ni nini kilichotendwa, na ni mkono gani uliokitenda. Andika hayo, usome kwa sauti nyumbani ukiangalia saa, na yakizidi dakika 2, kata sifa, usikate mtu.