VPN na akaunti iliyofungwa: kwa nini hutokea, na umweleze nini mhudumu

Mtandao wa X ulipozuiwa nchini tarehe 20 Mei 2025, siku ambayo akaunti ya Jeshi la Polisi ilidukuliwa, watu wengi walipakua VPN kwenye simu zao ili waendelee kuusoma. Lililofuata baadaye halikuwa na uhusiano wowote na X. Mtu anaamka asubuhi anakuta Facebook imefungwa, au barua pepe yake ya Gmail inamtaka athibitishe kwamba yeye ni yeye. Hajatukana mtu wala hajauza kitu cha haramu, na haoni kosa lake liko wapi.

Tuanze na sheria, kwa kuwa nayo inamhusu. Tarehe 13 Oktoba 2023, TCRA ilitoa tangazo kwamba watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN zijisajili kufikia tarehe 30 Oktoba mwaka huo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Makala haya hayamfundishi mtu kukwepa zuio. Yanaeleza kwa nini akaunti inafungwa, na mwenye nayo afanye nini ili airudishe.

Kila simu inapoingia kwenye intaneti hupewa anwani, inayoitwa anwani ya IP. Ukitumia laini ya simu ukiwa Bagamoyo, Saadani au Pangani, anwani hiyo ni ya kampuni ya simu ya Tanzania. VPN huchukua mawasiliano yako, huyafunika, na kuyapeleka kwanza kwenye kompyuta yake iliyoko Uholanzi, Marekani au kwingineko. Kutoka hapo ndipo yanakwenda Facebook au Google. Kwa hiyo Facebook haikuoni ukiwa Bagamoyo. Inakuona ukitokea Uholanzi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba VPN ikiwashwa, kwa kawaida huibeba simu nzima. Wewe umeiwasha kwa ajili ya X, lakini Facebook, Gmail na hata programu ya benki zilizo kwenye simu hiyo nazo zinasafiri. Hazisubiri uzifungue, maana huwasiliana na makao yao zenyewe, kimyakimya, hata simu ikiwa mfukoni. Ndiyo maana akaunti inaweza kufungwa siku ambayo hukuigusa kabisa.

Tuchukue mfano wa mama anayelima mwani Mlingotini, ambaye ana ukurasa wa Facebook wa kuuza sabuni ya mwani. Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa 2:00 usiku, anawajibu wateja akiwa kwenye laini yake ya kawaida. Saa 2:05 anawasha VPN asome habari. Saa 2:40 anaizima na kurudi kwa wateja. Kwake hiyo ni dakika 35 za kukaa barazani. Katika kumbukumbu za Facebook, mtu huyo alikuwa Tanzania, dakika tano baadaye akawa Uholanzi, kisha akarudi Tanzania. Hakuna ndege inayokwenda hivyo. Mashine inayolinda akaunti haina njia ya kujua ni VPN ya mama huyo au ni mwizi aliyepata nenosiri lake, hivyo inafunga mlango kwanza na kuuliza baadaye.

Sababu ya pili ni majirani. Anwani moja ya VPN ya bure hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na miongoni mwao wamo matapeli wanaofungua akaunti bandia. Mtu anaweza kusema kwamba laini zetu za simu nazo huwaweka wateja wengi kwenye anwani moja, na ni kweli. Lakini mitandao mikubwa inazitambua anwani za kampuni za simu, na inajua nyuma yake kuna watu wa kawaida wengi. Anwani ya VPN kwa kawaida ni ya ghala la kompyuta za kukodi. Binadamu haishi humo, na ndiyo maana mashine huitilia shaka mapema zaidi.

Kuna pia VPN za bure ambazo huigeuza simu yako kuwa njia ya wengine. Mwaka 2015 ilibainika kwamba huduma maarufu ya Hola ilikuwa ikipitisha mawasiliano ya watu wengine kwenye vifaa vya watumiaji wake. Hapo hatari inageuka: wewe uko Zinga, na uovu wa mtu usiyemjua unaonekana kutoka kwenye laini yako. VPN ya namna hiyo ni afadhali uifute kabisa kwenye simu.

Kabla ya kumwandikia mhudumu, soma maneno yaliyo kwenye kioo. Yakisema "Your account has been locked" au "Verify it's you", hilo ni kufuli la muda. Mashine inataka uthibitisho tu: tarakimu kwa ujumbe mfupi, au picha ya kitambulisho. Haya ndiyo mambo ya kawaida ya VPN. Yakisema "We suspended your account", jambo ni zito zaidi. Facebook hutoa siku 180 za kukata rufaa, na zikipita bila rufaa akaunti hufungwa moja kwa moja. VPN peke yake mara chache humfikisha mtu huko. Mara nyingi kuna kitu kingine pamoja nayo, kama vile akaunti mpya iliyofunguliwa VPN ikiwa imewashwa, au akaunti tatu nne kwenye simu moja.

Kwa WhatsApp tuseme wazi: namba ikifungiwa, VPN si ya kwanza kushukiwa. Sababu za kawaida ni kutumia GB WhatsApp na nyingine zisizo rasmi, au kutuma ujumbe uleule kwa watu wengi ambao hawana namba yako. Ukimwandikia mhudumu kuhusu VPN wakati kosa ni GB WhatsApp, barua yako haijibu swali. Ondoa programu hiyo, weka WhatsApp halisi, kisha bonyeza "Request a review".

Sasa hakikisha kama aliyeingia ni wewe kweli. Google huonyesha vifaa na mahali vilipoingilia kwenye myaccount.google.com, na Facebook ina orodha yake iitwayo "Where you're logged in". Ikiwa akaunti bado imefungwa na huioni orodha hiyo, tumia tahadhari uliyotumiwa kwa barua pepe, kwani nayo mara nyingi huwa na saa na mahali. Usitishwe na jina la nchi. Angalia saa. Uholanzi saa 2:10 usiku, wakati VPN yako ilikuwa imewashwa, ni wewe. Nchi yoyote saa 9 usiku, wakati simu ilikuwa imezimwa, si wewe. Huyo ni mwizi, na barua ya kumweleza mhudumu habari za VPN itamsaidia yeye kuliko wewe.

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Google ikiuliza kama ni wewe unayejaribu kuingia, mtu anaona jina la nchi ya mbali, anashtuka, na kubonyeza "No, it's not me". Amejikana mwenyewe. Kuanzia hapo Google inamchukulia kama aliyeibiwa, inamtaka abadili nenosiri, na simu aliyokuwa akiitumia inaweza kutolewa kwenye akaunti.

Ukishajua ni wewe, zima VPN na uiache imezimwa mpaka jambo liishe. Tumia simu ileile na laini ileile uliyozoea, ikiwezekana ukiwa nyumbani. Jaribu mara moja, kisha subiri. Kujaribu mara kumi kwa saa moja, mara kwa simu ya kaka, mara kwa kompyuta ya duka la mjini, kunaongeza shaka ileile unayotaka kuiondoa.

Barua kwa mhudumu iwe fupi na iwe ya kweli. Wengine hushauriana kusema "nimedukuliwa" kwa kudhani watahurumiwa. Ni ushauri mbaya. Mhudumu ana kumbukumbu, na ndani yake anaona simu yako ileile, nenosiri sahihi, na anwani ya VPN. Ukisema umedukuliwa, unasema simu yako ni ya mwizi. Tena usitaje ulikuwa unasoma nini, kwa sababu hilo hakuulizwa mtu.

Saa nazo zinahitaji uangalifu, na hili linatuhusu sisi kuliko wengine. Sisi tukisema saa 2 usiku tunaelewana. Mhudumu aliye nje akisoma saa 2 ataitafuta saa nane za usiku kwa hesabu yetu, na hatakuona. Kwa saa za usiku ongeza saa 18: saa 2:05 usiku iandikwe 20:05. Kisha taja kwamba ni saa za Afrika Mashariki, UTC+3, kwa sababu kumbukumbu nyingi huhifadhiwa kwa saa ya UTC, ambako wakati huo ilikuwa 17:05.

Mama wa Mlingotini angeandika hivi:

"Akaunti hii ni yangu, niliifungua mwaka 2019 kwa namba ya simu ambayo bado ninayo. Naishi Bagamoyo, Tanzania. Tarehe 14 Juni 2025, kati ya 20:05 na 20:40 saa za Afrika Mashariki (UTC+3), simu yangu ilikuwa na VPN iliyonionyesha niko Uholanzi. Aliyeingia wakati huo ni mimi. Sijampa mtu nenosiri. VPN nimeizima, na sasa natumia laini ya Tanzania kwenye simu ileile. Naomba mwangalie tena."

Kama fomu ni ya Kiingereza, mpe anayejua akutafsirie sentensi kwa sentensi, bila kuongeza mapambo. Wakitaka kitambulisho, cha NIDA kinafaa, lakini jina liwe sawa na la kwenye akaunti. Aliyejiandikisha kwa jina la utani, au kwa jina la duka, ndiye hukwama hapa hata kama maelezo yake yote ni ya kweli.

Tarakimu za uthibitisho huja kwenye namba uliyojiandikishia. Kama laini hiyo ilipotea, nenda kairudishe kwa kampuni ya simu kabla ya kuanza rufaa. Na tarakimu hizo usimpe yeyote anayejitangaza kwenye magrupu kwamba anafungua akaunti kwa malipo. Mhudumu wa kweli hakuombi umtajie, wewe unaziingiza mwenyewe kwenye kioo.

Ukijibiwa hapana, usifungue akaunti mpya siku hiyohiyo kwenye simu hiyohiyo. Kwa Facebook hiyo huonekana kama kukwepa adhabu, na akaunti mpya hufungwa haraka kuliko ile ya kwanza. Ukiwa bado uko ndani ya siku 180 na njia ya rufaa bado inaonekana kwenye kioo, itumie hiyo.