Gunia la Mwisho Ndilo la Kuulizwa

MIZANI YA SOKO
Na Njeri Koech

Wachuuzi wanaoteremsha karoti kutoka Mau Narok hadi Nakuru wana kauli yao: "Juzi niliishiwa mapema, leo naongeza." Kauli hiyo imefilisi wengi.

Karoti ya Mau huoshwa kabla ya kwenda sokoni, na ikishaoshwa haingoji mtu. Ndani ya gunia lenye unyevu hupata joto, ikaanza kuteleza na kutoa madoa meusi. Mnunuzi huijaribu kwa kuivunja: ikipinda bila kukatika, bei inaanguka. Mabaki huishia kwa mwenye ng'ombe.

Tuchukue mfano. Gunia likifika sokoni limekugharimu shilingi 2,000, usafiri ukiwemo. Unaliuza 3,000, na likilala unalitoa kwa 800. Likiuzwa unapata faida ya 1,000. Likibaki unapoteza 1,200. Katika kila siku 10 za soko, siku 3 wateja wanataka magunia 4, siku 5 wanataka 6, na siku 2 wanataka 8.

Ukibeba 4, unapata 4,000 kila siku. Ukibeba 6, zile siku 3 mbaya zinakuachia 1,600 tu, lakini siku 7 zilizobaki zinakupa 6,000. Kwa wastani ni 4,680. Ukibeba 8, zile siku 2 nzuri unaingiza 8,000, ila siku 3 mbaya unapata hasara ya 800, na siku za kawaida unabaki na 3,600. Wastani ni 3,160. Mzigo mkubwa umeshindwa hata na yule mwoga wa magunia 4.

Sababu iko kwenye gunia la saba. Linauzwa siku 2 tu kati ya 10: faida ya 2,000 dhidi ya hasara ya 9,600. Kwa bei hizi, gunia la kuongeza lina maana likiuzwa angalau siku 6 kati ya 10.

Viazi vina hesabu nyingine. Tuseme bei na wateja ni wale wale, lakini gunia likilala gizani, mahali pakavu, kesho linapungua thamani kidogo na unapoteza 200 tu. Hapo gunia la saba linaleta 2,000 na kula 1,600. Libebe.

Tatizo ni daftari. Wengi huandika walichouza, si walichoulizwa. Aliyebeba magunia 4 yakaisha saa tatu ataandika 4, kumbe wateja walitaka 8. Kwa hiyo andika pia saa mzigo ulipoisha na magunia waliyoulizia waliokosa.

Na kama mtaji ni wa mkopo, wastani pekee hautoshi. Siku 3 mbaya zikifuatana, aliyebeba 8 amepoteza 2,400 kabla siku nzuri haijafika, na mkopeshaji hangoji wastani.