Msimkwamishe Mwanafunzi Swali la Kwanza

Bado wapo walimu wa hisabati wanaojivunia swali la kwanza linalomtoa mwanafunzi jasho. Wanaita kuchuja. Mimi naita uonevu.

Mtoto dhaifu hufuata namba za maswali hata ukimwambia aanze na analoliweza. Anakwama swali la 1, anaandika, anafuta, anafuta tena mpaka karatasi inatoboka. Dakika 25 zimekwisha. Swali la 7, ambalo angelimaliza vizuri, halifikii. Wakati wa kusahihisha utaikuta kazi yake hivyo hivyo: kurasa za mwanzo zimejaa mikato, za mwisho nyeupe. Halafu unamwandikia "hajasoma"!

Msiniambie mmepanga kwa kufuata muhtasari. Mada iliyofundishwa Januari haiwi nyepesi kwa sababu ilitangulia. Wala msikadirie kwa macho, maana mwalimu aliyefundisha jambo miaka mingi huliona lote jepesi. Chukueni karatasi za muhula uliopita mhesabu: swali walilolipata 34 kati ya 40 litangulie, walilolipata 6 likae mwishoni.

Na ngazi hiyo ya kutoka jepesi hadi gumu iwepo hata ndani ya swali moja. Shamba la mstatili lina eneo la mita za mraba 40, na urefu unazidi upana kwa mita 3. Ukiuliza tu "tafuta upana", asiyejua kuunda mlinganyo anaondoka na sifuri. Ligawe. (a) Upana ukiwa x, andika urefu. Karibu kila mtu atapata x + 3. (b) Onyesha kwamba x² + 3x − 40 = 0. (c) Tafuta upana. (d) Njia yenye upana sawa imezunguka shamba kwa nje, eneo lake mita za mraba 30. Tafuta upana wa njia.

Tazama kipengele (b). Kwa kuwa mlinganyo umeshaandikwa, aliyeshindwa kuuonyesha bado anaweza kuutatua katika (c), akapata mita 5 na alama zake halali. Ungesema "unda mlinganyo", kosa moja lingemfuata mpaka mwisho wa swali.

Wapo watakaolalamika kwamba tunawadekeza wavivu. Kipengele (d) kinamdekeza nani? Hapo mwanafunzi hodari lazima achore, aone kwamba njia inaongeza upande mara mbili, aunde (5 + 2w)(8 + 2w) = 70, ndipo apate mita 1, akilikataa jibu hasi. Hakuna aliyemwonyesha njia.

Ila mumwachie muda na alama za kutosha. Maswali mepesi yakizidi, hodari anafika mwishoni amechoka kwa kuandika, na lile swali gumu la alama 2 analiruka kwa sababu halimlipi. Na ugumu huo utokane na kufikiri. Kumrundikia desimali ndefu azidishe kwa mkono ni kumchosha tu.