Kopo la Krimu Lisilo na Mlinzi

Wiki chache zilizopita dada yangu aliniletea kopo la krimu ya nywele alilonunua kwa mama mmoja anayeitengeneza nyumbani. Lebo yake ilitangaza kwa herufi kubwa: haina parabeni, haina kemikali. Alikuwa amelitumia kwa wiki tatu, yeye na binti yake wa miaka miwili. Nilipofungua kifuniko nikakuta upande wa ndani una madoa meusi madogo kama mbegu za ufuta, na harufu ya maziwa yaliyolala. Viungo vyake ni maji, ute wa alovera, mafuta ya nazi, asali na vitamini E.

Ndugu msomaji, hebu tuitazame orodha hiyo pamoja. Mafuta ya nazi peke yake hayana shida, kwa sababu bakteria na ukungu hawawezi kuota pasipo maji. Lakini ukishayachanganya na maji na alovera, umewaandalia kinywaji na chakula, na kila kidole kinachoingia koponi kinapeleka mbegu mpya. Vitamini E haiwazuii. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta yasichache, na hapo ndipo watengenezaji wengi wenye nia njema wanapokosea. Tena madoa yale yalikuwa bahati, maana bakteria wanaweza kufika mamilioni katika kijiko kimoja cha krimu bila rangi wala harufu kubadilika. Miongoni mwao wamo wale wa jamii ya pseudomonasi, wanaoweza kuharibu jicho au kuingia kwenye kidonda cha ngozi.

Parabeni huwekwa ili kuwazuia hao, na zimetumika tangu miaka ya 1920. Kinachohitajika ni kidogo: Umoja wa Ulaya unaruhusu methiliparabeni isiyozidi gramu 0.4 katika kila gramu 100 za krimu. Hofu ilienea mwaka 2004, watafiti wa Uingereza walipozikuta parabeni katika sampuli 20 za uvimbe wa saratani ya matiti. Wanawake wengi walishtuka, na siwalaumu. Ila utafiti ule haukuzilinganisha sampuli hizo na matiti yasiyo na ugonjwa, wala haukuonyesha kwamba parabeni ndizo zilizoleta saratani. Ni kweli parabeni zinaweza kuiga homoni ya kike, lakini kwa nguvu iliyo ndogo maelfu ya mara kuliko homoni yenyewe. Wala sisemi zote ni sawa. Mwaka 2014 Ulaya ilipiga marufuku aina tano ambazo taarifa zake za usalama hazikutosha, ikapunguza kiwango cha propili na butili, na kuzikataza hizo mbili katika krimu za kuachwa kwenye ngozi ya nepi kwa watoto chini ya miaka mitatu.

Kilichofuata baada ya hofu ile ndicho ninachotaka tukikumbuke. Kampuni nyingi ziliziondoa parabeni, na baadhi yake zikaweka kihifadhi kingine, methilisothiazolinoni. Lebo ikawa tamu zaidi, lakini ngozi za watu zikaanza kuwasha, kuvimba na kutoa malengelenge, hasa kwa wanaotumia vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia. Mwaka 2013 madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani walikitaja kihifadhi hicho kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka, na baadaye Ulaya ikakiondoa katika vipodozi vyote vinavyoachwa mwilini. Mwaka 2019 madaktari wale wale walizitaja parabeni kuwa ndizo zisizoleta mzio za mwaka huo.

Kwa hiyo naomba, unapoona neno "haina", geuza kopo uulize: badala yake kuna nini? Tafuta kwanza maji, ambayo mara nyingi huandikwa kwa Kilatini, akwa. Kama hayamo, kama katika mafuta matupu ya nazi au ya mshea, kihifadhi si lazima, mradi usiingize mkono wenye maji. Kama yamo, tafuta jina la kihifadhi: parabeni, fenoksiethanoli, benzoeti ya sodiamu. Usipoliona, muulize muuzaji kwa upole, na akikosa jibu, liache.

Nanyi mama zetu na vijana mnaotengeneza krimu jikoni, kazi yenu naipenda na sitaki ife. Tengenezeni za mafuta matupu kwanza. Mkitaka kuweka maji, wekeni kihifadhi kwa kipimo cha mzani, kwa maelekezo ya aliyewauzia, kisha mpeleke sampuli maabara kabla ya kuuza. Na alovera mbichi muiuze ya siku hiyo hiyo, mkimwambia mteja aiweke kwenye friji na kuimwaga baada ya siku chache.