Tangazo likikatwa, maana inageuka

Hapa Kisenge, wakati watu wa Kolwezi ama wa Dilolo wanataka kujua habari ya mishahara ku manganeze, wanafungua telefone. Lakini tangazo la sendika halitokee lote. Facebook inaonyesha mistari ya kwanza tu, kisha inaandika « Voir plus ». Instagram inapokea mpaka herufi 2.200, lakini inaonyesha kama 125 za mwanzo, pamoja na nafasi kati ya maneno. Zingine zinafichwa mpaka mutu abonyeze. Wengi hawabonyeze.

Tuchukue mufano. Tangazo linaanza hivi: « Kwa wandugu wote wa kazi na jamaa zao, sisi madelege tunawasalimia sana na kuwajulisha ya kama kisha mukutano wa siku ya ine ». Hesabu: herufi 125 zimeisha, na habari haiyaanza. Mama ku nyumba amesoma salamu tu.

Tuandike tena: « Siku ya posho saa mbili asubui, kila mutu akuje ku biro na karte ya kazi: tunasaini listi ya mishahara ya nyuma. » Ni herufi 112. Siku, saa, fasi na sababu, vyote vinaonekana. Salamu zitafuata chini.

Sasa yale maneno yenye alama ya #. Kuna wanaoyapanga mbele: #Kisenge #Lualaba #Kolwezi #Kongo #Sendika #Manganeze. Hayo tu ni herufi 53. Ukiyatia mbele ya tangazo letu, linakatwa ku neno « kazi ». Mutu anajua akuje, hajue juu ya nini. Kwa hiyo yawekwe ku mwisho, na mawili ao matatu yanatosha. Tena, usitie kale kamustari kati ya maneno. Ukiandika #mishahara-ya-Kisenge, alama inakamata #mishahara peke yake, na tangazo lenu linapotea kati ya mishahara ya Tanzania na Kenya. Andika #MishaharaKisenge, bila nafasi.

Hatari kubwa iko wakati wa mugomo. Sendika inaandika: « Tunarudia ku kazi siku ya kwanza », kisha mistari mirefu ya maelezo, na ku mwisho: « kama mishahara ya miezi mbili imelipwa ». Ile « kama » inabaki nyuma ya « Voir plus ». Mutu anapiga foto ya ekra, anaituma ku WhatsApp, na ku ile foto hakuna tena fasi ya kubonyeza. Jioni, kila kamp inasema mugomo umeisha. Asubui, wamoja wako ku mulango wa kazi, wengine wako ku nyumba, na mwenye kazi anaona sendika imegawanyika.

Hakuna mutu aliyesema uongo. Ni sharti ndiyo imeandikwa nyuma. Iandikwe mbele: « Mishahara ya miezi mbili isipolipwa, haturudie ku kazi. » Hata ikikatwa hapo, neno letu linabaki zima.